Chumvi ya majaruba na mimba ya wiki kumi

*Shikamoo daktari. Niko Mingoyo, Lindi, mimba yangu ina wiki kumi. Chumvi ya nyumbani kwetu ni ya mawe, shemeji anaileta kutoka majarubani anakofanya kazi. Nesi wa kliniki kaniambia nitumie ya paketi yenye madini joto. Mama mkwe, ambaye ana rovu shingoni tangu ujana wake, anasema huo ni ujanja wa wenye viwanda: chumvi ya bahari ina madini yote, na samaki tunakula. Nimsikilize nani? Na rovu lake linaweza kumfika mwanangu?*

Marahaba, binti yangu. Msikilize nesi, tena anza leo jioni, usingoje mawe yaliyomo mtungini yaishe.

Ila mama mkwe usimwone mkaidi. Hoja yake ina kichwa na miguu. Kwa miaka mingi hata sisi wa afya tulilihesabu rovu kuwa ugonjwa wa watu wa milimani: Iringa, Mbeya, Rukwa, Kigoma. Huko mvua zimeosha miteremko kwa maelfu ya miaka, na madini joto, au iodini kwa jina la maabara, yakateremka na mito hadi baharini. Mahindi, mboga na maziwa ya udongo ule yakawa na iodini kidogo mno. Kwa hiyo Tanzania ilipoanza kutia madini joto kwenye chumvi miaka ya 1990, wasiwasi mkubwa ulikuwa juu ya nyanda za juu, si pwani. Na kazi ile ilizaa matunda. Miaka ya 1980 kiasi cha robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu. Mwaka 2004 walibaki kama 7 katika kila 100.

Kilichotokea baadaye ndicho ambacho mama mkwe hajakiona. Mtu wa nyanda za juu yuko mbali na bahari, kwa hiyo mara nyingi chumvi yake inamfikia ikiwa imepitia kiwandani na kufungwa kwenye paketi, na madini joto yamo. Mtu wa Lindi, Kilwa au Mtwara, anayeyaona majaruba akiwa barazani kwake, anachota chumvi kabla haijapita popote. Tafiti za lishe za kitaifa zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba mikoa yenu miwili ya kusini ni miongoni mwa ile yenye kaya chache kabisa zinazotumia chumvi yenye madini joto ya kutosha. Aliye jirani na chumvi ndiye anayeikosa iodini.

Tupige hesabu ya majaruba, maana ubishi huu unamalizwa na hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za kila aina. Iodini iliyomo ni kama maikrogramu 60 tu; maikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Sasa tuseme nyumbani kwenu mko watu watano na kilo moja ya chumvi inawatosha siku 28 au 29. Kila mmoja anakula gramu 7 hivi kwa siku, sawa na chumvi inayobaki ukikausha kikombe kidogo cha maji ya bahari. Hata kama iodini yote ya maji yale ingebaki kwenye mawe, ungepata maikrogramu 12. Unahitaji 250.

Na hizo 12 zenyewe hazifiki mezani. Muulize shemeji yako jinsi wanavyovuna. Jua likishakausha maji kwa kiasi fulani, chumvi ya kula ndiyo inayoganda na kuzama, na juu yake hubaki maji mazito, machungu, ambayo hayaliki. Wanayamwaga au wanayarudisha baharini. Iodini haigandi pamoja na chumvi. Sehemu yake kubwa hubaki ndani ya maji machungu yale, na nyingine hupotea hewani chini ya jua. Chumvi ya mawe inayobebwa kwenye gunia ni safi na tamu, lakini kwa habari ya iodini ni karibu na bure.

Kwa hiyo mama mkwe yuko sahihi akisema wa kiwandani nao wanachukua chumvi baharini. Ni ileile. Tofauti ni dawa wanayoinyunyizia kabla ya kufunga, iitwayo potasiamu iodati, haina rangi wala ladha ya kuisikia chakulani. Chukua paketi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo. Gramu 7 za chumvi hiyo zina maikrogramu 210. Toa moja ya tano kwa ajili ya kinachopotea jikoni, unabaki na 168 hivi. Samaki, mayai na vyakula vingine vinaongezea, na unakaribia 250 bila kula hata punje ya ziada ya chumvi. Hapo nisisitize, maana wajawazito wengine hunielewa vibaya: unabadili aina ya chumvi, huongezi kiasi. Kama daktari alishakuambia upunguze chumvi kwa sababu ya presha, endelea kupunguza, lakini hicho kidogo kiwe cha paketi, na umweleze ili afikirie njia nyingine ya kukupatia iodini.

Sasa kwa nini nakuharakisha. Mbele ya shingo, chini ya koromeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya thairoksini, na kila chembe ya homoni hiyo hubeba chembe nne za iodini. Hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi ile. Kwa mtu mzima homoni hii inaongoza kasi ya mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, usingizi, choo. Kwa mtoto tumboni ina kazi nyingine. Inaziongoza chembe za ubongo zisafiri kutoka zinakozaliwa hadi zinakotakiwa kukaa, ziunganike, na baadaye nyuzi zake zivikwe ala ya mafuta inayoharakisha mawasiliano. Sikio la ndani nalo linaitegemea ili liumbike.

Mtoto wako wa wiki kumi hana kiwanda chake cha homoni. Tezi yake huanza kuvuta iodini karibu na wiki ya 12, na haitengenezi homoni ya maana mpaka mimba ifike kati, kwenye wiki ya 18 au 20. Mpaka hapo anatumia thairoksini yako inayopita kwenye kondo la nyuma. Akishaanza kutengeneza yake, bado iodini anaitoa kwako. Ndiyo maana tezi ya mjamzito hulazimika kuongeza kazi kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na wakati huohuo figo zake zinapoteza iodini nyingi zaidi kwenye mkojo. Mwanamke ambaye amekula chumvi ya paketi kwa miaka anaingia kwenye mimba akiwa na akiba ndani ya tezi, na akiba hiyo inamvusha. Aliyekula chumvi ya majaruba anaingia ghala likiwa nusu tupu.

Jambo hili lilithibitishwa vizuri sana huko Papua New Guinea. Mwaka 1966, katika mabonde ambako rovu lilikuwa jambo la kawaida, familia ziligawanywa: wengine walichomwa sindano ya mafuta yenye iodini, wengine sindano isiyo na iodini. Kisha watafiti wakafuatilia watoto waliozaliwa. Upande usio na iodini walizaliwa watoto viziwi, wasiosema, wenye miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa. Upande wa iodini hali hiyo karibu ikatoweka, isipokuwa watoto wachache, na wengi wa hao mama zao walikuwa tayari wajawazito siku ya sindano. Iodini ileile, lakini iliyochelewa wiki kadhaa, haikuweza kurudisha kilichokwisha kupita.

Sikutishi. Mabonde yale yalikuwa na upungufu mkali kupita kiasi, na wewe unaishi mahali penye samaki. Mtoto wa namna ile hatumtarajii Mingoyo. Upungufu wa pwani ya kusini mara nyingi ni wa wastani, na madhara yake hayaonekani kwa macho: mtoto anazaliwa mzima, anatembea, anacheza, ila darasani anashika polepole kuliko ambavyo angeshika. Tafiti zilizolinganisha jamii zenye upungufu mkubwa na zisizo nao zimekuta tofauti ya pointi kama 12 kwenye vipimo vya akili. Kwa upungufu mdogo tofauti ni ndogo zaidi, na wataalamu bado wanabishana ni ndogo kiasi gani. Wiki kumi zilizopita zimepita, lakini ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mimba yote na miaka miwili mitatu baada ya kuzaliwa. Bado una muda mrefu wa kumlisha.

Samaki sasa. Samaki wa baharini ni chakula bora cha iodini kuliko nyama au samaki wa ziwani, hapo simbishii mama mkwe. Tatizo ni kwamba samaki hawalingani. Gramu 100 za mmoja zinaweza kukupa makumi kadhaa ya maikrogramu, za mwingine zikakupa chache tu, na huwezi kujua kwa kumtazama. Ukimchemsha, sehemu ya iodini inahamia kwenye mchuzi, kwa hiyo mchuzi unywe. Halafu kuna swali la kweli ambalo nawauliza wajawazito wote wa pwani: je, samaki unamla *sasa*? Katika miezi mitatu ya kwanza wengi hawataki hata kusikia harufu yake. Na ng'onda je? Ng'onda ametiwa chumvi ya majaruba. Anakuongezea chumvi tumboni bila iodini, na kwa kuwa ana chumvi yake, mpishi anatia kidogo tu ya paketi kwenye chungu. Mle, lakini usimhesabu kama ngao.

Mwani nao nitaje, maana kuna siku mama mmoja wa Kilwa aliniuliza kwa nini asichemshe mwani wanaoulima akanywa maji yake. Mwani una iodini kweli, lakini kiasi chake hakitabiriki, na baadhi ya aina zina nyingi ajabu. Iodini ikizidi sana nayo hufunga tezi ya mtoto tumboni. Kwa mjamzito haifai kupitisha maikrogramu 500 kwa siku kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyohiyo usinywe wala kupaka kila mara dawa ya vidonda yenye iodini ukidhani unajitibu.

Kuna chakula kimoja kinachopigana na iodini, nacho ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi. Ukiandaliwa vizuri, ukalowekwa au ukaanikwa makopa mpaka yakakauka barabara, sumu nyingi hutoka. Mwaka wa njaa watu hukata njia: muhogo haukauki, unatwangwa, unapikwa ugali siku ileile. Mwili unaipunguza makali sianidi iliyobaki kwa kuigeuza thaiosianati, na thaiosianati inashindana na iodini mlangoni mwa tezi. Mtu mwenye iodini ya kutosha haathiriki sana na mashindano hayo. Mwenye kidogo anashindwa. Mkoa wa Mtwara uliwahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo usioandaliwa vizuri, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni tu. Makopa yaliyokauka vizuri kuleni bila hofu, na chumvi ya paketi iwe kwenye kitoweo.

Tuje dukani, kwani huko ndiko mambo mengi huharibika. Mwaka mmoja nilipita vijiji kadhaa upande wa Newala nikiwa na vichupa vya kupimia chumvi. Katika duka moja muuzaji alinionyesha kwa fahari gunia lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa chumvi ile ina madini joto. Nikadondosha tone. Chumvi ikabaki nyeupe kama ilivyokuwa. Nikadondosha jingine. Hakuwa mwongo yule kijana, aliuziwa hivyo. Gunia lilikuwa la mzunguko wa pili, limejazwa chumvi ya majaruba. Tangu siku hiyo siamini maandishi ya gunia lililo wazi. Nunua paketi ndogo iliyofungwa kiwandani, yenye nembo ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe. Ikiwa dukani wanapima kwa kopo kutoka kwenye ndoo, omba paketi nzima hata kama ni ghali kidogo.

Kichupa kile ninachokisema huwa nacho maafisa lishe na maafisa afya, na zahanati nyingine wanacho. Unaweka chumvi kidogo kwenye sahani kavu, unadondosha tone, na ikiwa iodini imo rangi inageuka bluu au zambarau mara moja. Chumvi ya majaruba wakati mwingine ina hali ya magadi inayozuia rangi isitokee hata kama iodini imo, ndiyo maana boksi la vipimo huja na kichupa cha pili cha kurudia. Usijaribu kukadiria kiasi kwa ukali wa rangi. Kipimo hiki kinajua kusema ipo au haipo, basi. Kiwango tunachokitaka jikoni ni angalau miligramu 15 kwa kilo, na kukijua kwa hakika ni kazi ya maabara. Kuna watu wanasambaza mbinu ya kupima kwa wali na ndimu. Kwa chumvi ya hapa haifanyi kazi. Iodati haimgeuzi wanga rangi mpaka ikutane na aina nyingine ya iodini ndani ya tindikali, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye kichupa. Utaishia kuitupa chumvi nzuri.

Ukishaipata, adui wake ni unyevu na jua. Iodati ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, haitoroki kwa kufunua kifuniko mara mbili. Lakini kwa hewa ya Lindi chumvi inavuta maji, inalia, na maji yale yanateremka na iodini hadi chini ya chombo au nje ya gunia. Imimine kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, liwe mbali na jiko na dirisha. Tia chumvi chakula kikikaribia kuiva, inasaidia kidogo. Na kuna desturi moja ya kwetu inayoharibu kila kitu: kuosha chumvi. Mama zetu waliosha chumvi ya mawe kwa sababu ilikuwa na mchanga, na walikuwa na haki. Chumvi yenye madini joto ukiiosha umeikosesha thamani yake, kwa kuwa iodati imekaa juu ya punje kama vumbi, haiko ndani.

Kliniki watakupa vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma na foliki asidi. Vimeze bila kukosa, ila ujue iodini haimo. Ukipewa badala yake kidonge cha virutubishi mchanganyiko kwa wajawazito, soma boksi au muulize mfamasia: kile cha fomula ya kimataifa kina maikrogramu 150 za iodini, na hapo utakuwa umepata nyongeza nzuri. Kimoja kwa siku kinatosha, na usichanganye na vya kununua mwenyewe.

Huenda ukataka kupimwa uone kama una upungufu. Kipimo cha iodini kwenye mkojo kinapanda na kushuka kulingana na ulichokula jana, kwa hiyo tunakitumia kuisoma hali ya jamii nzima, si ya mtu mmoja. Shingo nayo inaweza kuwa laini kabisa na bado iodini haitoshi. Kinachosaidia mtu mmoja ni kipimo cha damu cha TSH, homoni ambayo ubongo huitumia kuiamrisha tezi, na hicho ningekitaka kwako ikiwa shingo yako imeanza kujaa, au una uchovu usio wa kawaida, baridi wakati wenzako wanatoka jasho, na choo kigumu. Mimba yenyewe huleta baadhi ya hayo, ndiyo maana hatubahatishi. Kama huna dalili, usipoteze nauli. Badili chumvi.

Kuhusu rovu la mama mkwe: haliambukizi, na halirithiwi kwako maana hamna damu moja. Mwanao ana damu ya bibi yake, na zipo koo zenye tezi dhaifu, kwa hiyo mume wako aulize kwao kama kuna wengine, lakini mara nyingi kinachorithiwa ni chungu. Kinamama wa nyumba moja wanakula chumvi moja. Tezi yake ilikosa iodini ujanani, ubongo ukaendelea kuituma ifanye kazi, na tezi ikatanuka ikitafuta kidogo kilichomo kwenye damu. Rovu ni tezi iliyojitahidi.

Asitegemee kwamba paketi italiondoa. Rovu dogo la kijana hupungua akianza kupata iodini. La mtu mzima la miaka 30 limeshajaa vinundu na halirudi. Ale chumvi hiyohiyo mnayokula nyote, lakini kwa miezi ya kwanza mumwangalie. Baadhi ya vinundu vya zamani vimezoea kufanya kazi bila kusikia amri, na vikipata iodini ghafla vinatengeneza homoni kupita kiasi. Zimbabwe waliliona hilo katikati ya miaka ya 1990, wagonjwa wa aina hiyo walipoongezeka baada ya chumvi yenye iodini nyingi kuenea. Mkiona moyo wake unakwenda mbio amekaa tu, mikono inatetemeka, anakonda huku anakula, joto linamshinda, mpelekeni Hospitali ya Sokoine hapo Lindi. Mpelekeni pia bila kuchelewa kama rovu limekua haraka kwa miezi michache, sauti imekauka, au anameza na kupumua kwa shida. Hayo hayatokani na chumvi, ni ya daktari wa upasuaji.

Mtoto akizaliwa, usimtilie chumvi popote. Iodini yake inapita kwenye maziwa yako, kwa hiyo wewe uendelee na paketi kipindi chote cha kunyonyesha; mahitaji yako yatabaki 250. Mtazame wiki za kwanza. Mtoto anayelala mno mpaka umwamshe anyonye, manjano yasiyoisha baada ya wiki mbili, choo kigumu, ulimi unaojaa mdomo, kitovu kilichotokeza, sauti nzito ya kulia: apimwe damu haraka. Kuna watoto wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi hata mama akiwa na iodini tele. Kidonge cha kila siku kikianza wiki hizo za mwanzo kinaokoa ubongo wake. Kikianza baada ya miezi, kinaokoa mwili tu.

Limebaki la shemeji. Usiligeuze jambo hili kuwa ugomvi wa zawadi, maana kuikataa chumvi ya ndugu ni kazi. Mwambie awaulize wenye majaruba kama wananyunyizia iodati kabla ya kujaza magunia. Inawezekana hata kwa mzalishaji mdogo, kwa bomba la mgongoni la kupulizia, kama lile la kupulizia mikorosho, lakini liwe jipya na lisiwahi kutia dawa ya wadudu. Gunia la kilo 50 likitakiwa kuwa na miligramu 50 za iodini kwa kilo, linahitaji gramu 4.2 tu za potasiamu iodati, haifiki hata kijiko cha chai, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo na kuchanganywa kwa koleo mpaka kila punje iguswe. Ugumu uko hapo kwenye kuchanganya: upande mmoja wa lundo ukipata mara tatu na mwingine ukikosa, kipimo cha tone kitasema sawa ukichota mahali pamoja. Ndiyo maana wachukue sampuli pembe nne na katikati, zikapimwe maabara, na asijaribu mtu kufanya hivyo nyumbani kwa mkono. Siku shemeji atakapoleta gunia lililopulizwa na kupimwa hivyo, mpokee, na paketi ya dukani uache.